Mshahara wa kwanza, akaunti na makato

"Nimeajiriwa hapa Mombasa, mshahara wa kwanza waingia mwisho wa mwezi. Nifungue akaunti gani? Na mbona watu wasema benki inakula pesa?"

Nitakueleza ya mpwa wangu, karani wa bohari moja ya makontena Changamwe. Aliandikwa kwa 25,000, akapokea 22,437 na senti 50. Alikuja kwangu amefura, akidhani ameibiwa. Tukaisoma karatasi ya mshahara: NSSF ya uzeeni 1,500, SHIF ya matibabu 687.50, ushuru wa nyumba 375. PAYE, kodi ya mapato, haikuwepo, maana kilichobaki hakifiki 24,000 inapoanzia kodi hiyo. Hayo hukatwa na mwajiri kabla benki haijagusa chochote.

Kilichokuwa kikimla ni mtindo wake wa kutoa pesa. Kila akihitaji 500 alizihamisha kutoka benki hadi M-Pesa, kisha akazitoa kwa wakala karibu na feri. Benki ikatoza ada ya kuhamisha, wakala naye 29. Sasa angalia: kwa wakala, kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 ni hizo hizo 29. Mia tano mara tano ni 145. 2,500 kwa mkupuo ni 29. Lakini ukizidisha shilingi moja tu, 2,501, unaruka hadi 52. Ya benki ilionekana kwenye taarifa ya akaunti: ada mstari wake, na chini yake mstari mwingine mdogo, Excise Duty, yaani ushuru juu ya ada yenyewe. Wengi huuruka huo.

Siku hizi ahamisha mara moja kwa wiki. Dukani alipa kwa Lipa na M-Pesa, hakatwi kitu. Anachotoa ni cha matatu na mahamri tu.

Akiba nayo ina mtego wake. Aliagiza benki ihamishe 3,000 kila tarehe 1 kwenda akaunti ya pili. Vizuri, mpaka mwezi mshahara ulipochelewa: agizo likakuta akaunti tupu, likashindwa, na akatozwa kwa kushindwa huko. Tukalisogeza hadi tarehe 5. Kwa kuwa hataki riba, akiba yake ni ya mudharaba: faida ikipatikana hugawanywa kwa uwiano mliokubaliana tangu mwanzo, kiasi hakiahidiwi. (Mjomba wake mwingine alimcheka kwamba akiba hiyo haizai kitu. Mwachie.)

Wewe beba kitambulisho, PIN ya KRA na picha, kisha kabla ya kutia sahihi omba orodha ya ada iliyochapishwa. Tafuta ada ya kila mwezi, ya kuhamisha kwenda simu, na ya agizo lililoshindwa. Kwenye akaunti ya akiba uliza pia waruhusiwa kutoa mara ngapi, kwani nyingine hukutoza ukizidisha.