Jairesi sugu ipo, mbona bakteria anakufa kwa siprofloksasini?

Swali: Wakuu, nina E. coli sugu kwa siprofloksasini, gyrA yake, jeni ya kimeng'enya jairesi, imebadilika. Nimemwekea plasmidi yenye gyrA ya kawaida na usugu umeyeyuka. Jairesi yake sugu si bado imo ndani? Kwa nini isiendelee na kazi pale ile nyingine inapozuiwa?

Mkuu, kinachokuchanganya ni hilo neno "inapozuiwa". Kama dawa ingekuwa inailaza jairesi usingizi tu, hesabu yako ingekuwa sahihi: ile sugu ingebaki macho na kubeba kazi yote. Kwinoloni, familia ya siprofloksasini, hailazi. Inaikamata jairesi katikati ya kazi, DNA ikiwa tayari imekatwa mikononi mwake.

Chukua kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, funga ncha zake, kisha zitenganishe kuanzia katikati. Mbele ya vidole vyako msokoto unakaza mpaka kamba inagoma. Mashine ya kunakili DNA ya E. coli hufungua takribani jozi 1,000 za besi kwa sekunde, na kila jozi 10.5 ni mzunguko mmoja, kwa hiyo mbele yake hurundikana mizunguko kama 95 kila sekunde. Kromosomu ni duara, haina ncha ya kupitishia msokoto huo nje. Hapo ndipo jairesi inapokata nyuzi zote mbili, inapitisha kipande kingine cha DNA kwenye uwazi, kisha inaziba. Kila ikifanya hivyo inapunguza mizunguko 2 tu, ndiyo maana zinahitajika jairesi nyingi njiani.

Wakati wa kukata, kila ncha hufungwa kwenye tairosini ya nafasi ya 122 ya GyrA, protini inayotokana na gyrA, isipotee. Siprofloksasini huingia humo kwenye mkato, ikishikiliwa na magnesiamu na maji dhidi ya serini ya nafasi ya 83 na asidi ya aspatiki ya nafasi ya 87, na kuziba kunashindikana. Serini hiyo ikigeuka lusini, dawa inakosa pa kushika vizuri. Usugu wa bakteria kama wako, kwa kawaida, unaanzia hapo.

Sasa rudi kwenye seli yako yenye aina zote mbili. Jairesi sugu zinaweza kulegeza misokoto, sawa. Ila moja ya kawaida iliyokwama juu ya DNA ni kizuizi barabarani, na jairesi sugu iliyo jirani haina uwezo wa kuing'oa. Mashine ya kunakili ikiifikia, inasimama. Isitoshe, kila jairesi ina GyrA mbili: hata kama aina zote zingelingana idadi na kuungana kiholela, ni robo tu ya jairesi ambazo zingekuwa sugu pande zote mbili. Plasmidi yenye nakala nyingi inaipunguza robo hiyo zaidi. Kreuzer na Cozzarelli walilionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa njia ya kinyume: walitumia E. coli ambaye GyrA yake huharibika kwenye joto, na ikishaharibika, asidi ya nalidiksiki, kwinoloni ya zamani, inapoteza makali. Bila jairesi, sumu haina pa kusimama.

Kusimama kwa unakili bado si kifo, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Ukimpa bakteria kloramfenikoli, dawa inayozuia utengenezaji wa protini, pamoja na asidi ya nalidiksiki, unakili unasimama vilevile lakini vifo vinapungua sana, kwa sababu hatua ya kuua, ya mikato kuachiwa wazi na kromosomu kuvunjika, inahitaji protini mpya. Siprofloksasini haitegemei hilo kiasi hicho. Kwenye darubini utawaona walionusurika kwa muda wamerefuka kama nyuzi: wanakua, hawagawanyiki.

Jaribio lako nimelifanya mara nyingi, na la kwanza lilinidanganya. Bakteria wangu alistahimili mikrogramu 0.25 kwa mililita. Plasmidi ya gyrA ya kawaida ilipaswa kumshusha hadi kama 0.03. Hakushuka. Nikaanza kulaumu pampu za kutoa dawa nje, hata nikaandika hivyo kwenye daftari. Kumbe nilisahau kuweka kanamaisini, dawa ya kuitunza plasmidi, kwenye sahani za kupimia, plasmidi ikapotea, nikawa napima bakteria yuleyule wa mwanzo. Nilipoirudisha kanamaisini akashuka mpaka 0.03.

Kwa hiyo pima pia bakteria mwenye plasmidi tupu, sahani zote zikiwa na dawa ya kuitunza. Wa plasmidi tupu akibaki juu na wa gyrA akishuka, kisa ni gyrA. Wote wawili wakibaki juu na plasmidi imo, hapo ndipo utafute pampu au jeni za qnr, zinazoikinga jairesi dhidi ya dawa.