Usilipie hizo saviti za satini kabla ya kukunja moja

"Ninaandaa chakula cha jioni cha Krismasi nyumbani, watu 30. Nimeonyeshwa saviti za satini Isli, bei nzuri, na muuzaji anasema hazihitaji pasi. Nataka nizikunje zisimame kama kofia ya askofu, kadi ya jina ichomekwe kwenye ncha na zawadi ndogo ikae ndani. Kadi niandike kwa mkono au nichapishe? Watoto niwape zawadi gani? Na meza ya duara inapangwaje?"

Dada, kama hujalipa, usilipe. Kama umeweka amana, piga simu leo uulize kama wanaweza kukubadilishia. Nimesoma hayo maneno ya "hazihitaji pasi" nikahisi moyo kuruka, kwa sababu ndiyo hasa niliyoambiwa mimi.

Nilikuwa na wageni 36, ndugu wa mume wangu, jioni ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, chini ya hema uani kwetu Kasarani. Nilinunua satini ya poliesta, rangi ya zambarau, kwa shilingi 150 kila moja. Hiyo ni 5,400. Tulikunja kofia kuanzia saa tisa, mimi na wifi zangu wawili, na kwa nusu saa ya kwanza zilipendeza kweli. Kwenye kila ncha nikachomeka kadi, na ndani nikaweka kichupa cha asali chenye kifuniko cha kitenge. Kufikia saa kumi na moja kofia za mwanzo zilikuwa zimeanza kufunguka mgongoni. Kabla wageni hawajakaa, zaidi ya nusu zilikuwa zimelala, vichupa vimeviringika katikati ya meza na kadi ziko chini kwenye nyasi.

Hasara yenyewe haikuwa kofia. Kijana mmoja mwenye moyo mwema aliokota kadi akazirudisha popote alipoona pengo. Mzee wetu mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, akakuta jina lake kwenye meza ya watoto. Ndugu wawili ambao nilikuwa nimewatenganisha kwa makusudi, maana hawasemeshani kwa ajili ya shamba, wakajikuta bega kwa bega. Mzee hakusema neno. Alikaa pale alipoandikwa, akala kidogo, akaomba kupelekwa nyumbani mapema. Nilikwenda kwake Jumapili iliyofuata kuomba radhi, na mpaka leo nikikumbuka ile kadi mbele ya kikombe cha plastiki, nauma meno.

Nimemkasirikia sana fundi wa mapambo aliyenishauri. Alikuwa na picha kwenye simu, akaniambia kitambaa chochote husimama ukijua kukunja. Si kweli, na mtu wa kazi hiyo hana budi kulijua hilo. Nyuzi za poliesta hazinywi maji, kwa hiyo stachi inabaki juu juu na kupukutika. Tena huwezi kuipiga pasi ya moto wa pamba, itaungua, na bila moto mkali mkunjo haukai. Ukiongeza utelezi wa satini, kila tabaka linatafuta kurudi lilikotoka. Zile kofia za kwenye picha ni pamba au kitani, zimetiwa stachi zikapigwa pasi zikiwa bado na unyevu.

Kujua ni rahisi, na unaweza kufanya hapo hapo dukani. Finya pembe ya kitambaa kwenye ngumi ukihesabu hadi kumi, kisha achia. Kikibaki na makunyanzi, kitashika mkunjo. Kikifunguka laini kama hakijaguswa, hicho ndicho kitakachokuangusha. Halafu kikunje pembe kwa pembe. Pembe zisipokutana, hakikukatwa mraba sawasawa, na kofia itasimama imeinama hata kama ni pamba safi.

Mwaka uliofuata nilinunua pamba nyeupe ya jora Biashara Street, upana wa mita moja na nusu, mita sita na nusu. Niliifua kwanza, maana pamba mpya hurudi, kisha nikagawa upana mara tatu. Kila mita ikanipa vipande sita vya takriban sentimita 50, na baada ya pindo vikabaki kama 46. Stachi nilipika mwenyewe: kijiko kimoja kikubwa cha unga laini wa wanga wa mahindi, nikaukoroga kwenye maji baridi kidogo, nikaumimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka nikikoroga mpaka yakawa maangavu. Ikipoa unachovya, unakamua, unaanika kivulini, unapiga pasi kabla haijakauka kabisa.

Na hata kwa pamba hiyo, sikurudia kofia. Kitu kilichosimama hakifai kubeba jina la mtu, hasa nje kwenye upepo. Nilikunja mfuko uliolala kwenye sahani. Pinda saviti katikati, upande uliofungika uwe juu. Chukua ukingo wa chini, tabaka zote mbili, uupandishe sentimita sita, upige pasi. Huo ndio mdomo wa mfuko. Igeuze ili mdomo utazame meza, leta upande wa kushoto na wa kulia vikutane katikati, kisha funika upande mmoja juu ya mwingine kama kitabu. Igeuze tena. Unapata mfuko wa upana wa sentimita 11 na nusu na urefu wa 17, unaotosha vizuri kwenye sahani kubwa.

Kadi ikatwe kwenye manila, upana wa sentimita tano na nusu na urefu wa tisa, na jina liandikwe kwenye theluthi ya juu tu, kwa sababu sita za chini zinamezwa na mfuko. Mwanzoni niliandika katikati ya kadi, nikalazimika kurudia zote. Kando ya kadi panabaki nafasi ya kifuko chembamba cha zawadi. Mimi niliweka makadamia za kukaanga kutoka Nyamakima, kiganja kimoja kwenye kitambaa cha kitenge kilichofungwa kwa katani. Chupa ya asali ikae mezani mbele ya sahani, isiingie mfukoni, itauvuta mdomo ufunguke. Kasoro ya mfuko huu ni moja: jina linasomwa na aliyesimama nyuma ya kiti, si aliyeketi ng'ambo. Kama wageni wako hawajuani, hilo litakusumbua. Kwangu ni ukoo, halikunisumbua.

Kadi andika kwa mkono. Hayo mengine ya meza ya duara waachie wenzangu hapa.

Ninalokuomba ni hili tu. Muuzaji akupe saviti moja, ilipie hiyo moja. Ikunje usiku wa leo jinsi unavyotaka iwe siku yenyewe, weka kadi halisi na zawadi halisi, si karatasi ya kujaribia, uiache kwenye sahani karibu na dirisha lililo wazi. Asubuhi, kabla hujaigusa, ipige picha uiweke hapa. Usinunue zile 29 mpaka tuione.