Kabla hujakubali kutolewa kwenye boti, omba mbio ya tatu

Juzi kijana mmoja mpiga makasia wa Jinja ameniandikia kwa uchungu. Kocha amempa mwenzake kiti chake baada ya kuwapambanisha kwa kubadilishana boti, na yeye anaapa kwamba kwenye mashine ya kupigia makasia nchi kavu anamshinda huyo mwenzake kila wiki. "Kaka, nimeonewa au nimeshindwa?" Nimeisoma mara mbili, maana swali hilo nililala nalo miaka mingi.

Mashine kwanza tuiweke kando. Inapima nguvu za mtu mmoja aliyekaa sakafuni. Haijui kama uzito wako unaizamisha boti, wala kama kasia lako linaingia majini pamoja na la mwenzako. Kathleen Noble, aliyekuwa Mganda wa kwanza kupiga makasia kwenye Olimpiki, Tokyo na kisha Paris 2024, alikuwa peke yake kwenye boti. Saa ilimpima yeye tu. Sisi wa boti za watu wawili hatuna bahati hiyo, kwa sababu saa inapima wawili kwa pamoja, na ili kujua nani anachangia nini lazima mtu ahamishwe.

Mimi nilihamishwa Entebbe, asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Boti mbili za watu wawili, mita 1000, mapigo 26 ya kasia kwa dakika. Nilikuwa kwenye boti nyeupe, na mpinzani wangu, nimwite Mrefu, kwenye ya bluu. Nyeupe ikashinda kwa sekunde 2. Tukasogea kando, boti zikashikwa ubavu kwa ubavu, tukabadilishana: Mrefu kwenye nyeupe, mimi kwenye bluu. Wenzetu wawili hawakusogea. Nyeupe ikashinda tena, safari hii kwa sekunde 3. Kocha akafunga daftari: nafasi ni ya Mrefu.

Hesabu yake ilikuwa ya njia sahihi, nampa haki yake. Katika mbio hizi hutazami nani ameshinda, unatazama pengo limehama kiasi gani. Nyeupe ilikuwa na boti nzuri zaidi au mwenzetu mwenye nguvu zaidi, ndiyo maana ilishinda na mimi na ikashinda na yeye. Hilo halimhusu yeyote kati yetu. Kinachotuhusu ni kwamba pengo lilitoka 2 likawa 3. Limehama sekunde 1.

Ila hapo ndipo wengi wanaposahau kugawa kwa mbili. Mrefu alipoingia kwenye nyeupe, aliiongezea nyeupe kasi, na wakati huohuo aliipokonya bluu kasi hiyohiyo. Tofauti yetu imehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo Mrefu alinizidi kwa nusu sekunde, si sekunde nzima. Kwa mwendo wetu wa dakika 4 hivi kwa mita 1000, nusu sekunde ni kama mita 2, na boti ya watu wawili ina urefu wa karibu mita 10.

Tulipoipandisha bluu ufuoni na kuipindua, kwenye pezi la chini palikuwa na shina la gugu maji, limejizungusha na mizizi yake yote, refu kama mkono wangu. Nililishika nikamwonyesha kocha. Akasema jua limeshapanda, upepo unaanza, na uamuzi ameshaufanya. Shina lile lilinasa lini? Hakuna aliyejua. Kama ni katika mbio ya pili, basi ile nusu sekunde ilikuwa ya gugu maji. Mpaka leo nikipita pale nalikumbuka, na sitasema nimeshasamehe.

Ndiyo maana leo, nikipewa saa mkononi, sipimi watu kwa mbio mbili. Napima kwa tatu: ya kwanza, ya kubadilishana, halafu ya tatu ambayo kila mtu anarudi alikoanzia. Ya tatu inakuambia kama maji, upepo na miili ya watu vimebaki vilevile. Nachukua wastani wa ya kwanza na ya tatu, naulinganisha na ya pili. Kama uchovu au upepo ulikuwa unaongezeka polepole na kuiumiza boti moja, wastani huo unafuta sehemu kubwa ya athari yake.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Jinja. Umeniandikia kwamba ulishinda kwa sekunde 1, ukahamia boti ya pili, ukashindwa kwa sekunde 4. Kocha amekuambia umeshindwa kwa 4. Hapo amekosea. Pengo limehama kutoka 1 hadi 4, yaani sekunde 3, na nusu yake ni moja na nusu. Lakini usishangilie. Sekunde moja na nusu ni karibu mita 6, na mita 6 si jambo la kulaumu jani. Huenda jamaa anakuzidi kweli, na mashine yako ya kila wiki haitabadilisha hilo.

Mbio ya tatu ingeamua. Ukirudi boti yako ya kwanza, na boti hiyo ikashinda tena kwa sekunde 1 au karibu na hapo, nyamaza na umpe mkono mwenzako. Lakini ikishinda kwa 3, basi watu walewale, kwenye boti zilezile, wamepishana kwa sekunde 2 bila yeyote kubadilishwa. Wastani wako unakuwa 2, pengo limehama 2 tu, na tofauti yenu ni sekunde 1. Siku ambayo ziwa lenyewe linatikisa matokeo kwa sekunde 2, sekunde 1 haimtoi mtu kwenye kiti. Hapo mnarudia siku nyingine.

Na mrudie vizuri. Alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Boti zikaguliwe pezi kila baada ya mbio, kwa mkono, siyo kwa macho. Mapigo yahesabiwe, kwa sababu mtu akipandisha kutoka 26 hadi 29 atashinda tu, na hujapima chochote. Mguu mrefu usogezewe kibao cha miguu. Nimeona mtu anahamishwa na kukaa kwenye vipimo vya mfupi kwa sababu hakuna aliyebeba spana, kisha anaambiwa hajui kusukuma. Muda wa kila boti upimwe kutoka boya hadi boya, maana kuanza sambamba kwa macho hakuaminiki. Mwishoni simu irekodi omo ya kila boti ikivuka boya, ili mbishane na video badala ya kidole cha mtu kwenye saa.

Halafu kuna wale wawili wasiosogea. Hao ndio wenye siri. Rafiki yako akijua wewe ndiye unayepimwa, atajiua ukiwa naye na atapumzika ukiondoka, na hakuna saa itakayomkamata. Kwa hiyo jina la anayehama litajwe mbio ya kwanza ikishaisha, matokeo yafichwe mpaka zote tatu ziishe, na kwenye zamu nyingine wahamishwe hao wawili wenyewe, ili kila mtu ajue zamu yake inakuja.

Nenda kwa kocha wako na namba zako, bila kununa. Mwambie: "Mwalimu, naomba turudie ya kwanza." Akikataa, muulize tarehe ya kipimo kijacho, na siku hiyo uwe wa kwanza kuipindua boti na kupapasa pezi.