Kabla ya Kuandika "Jangwani": Mahali na Wakati wa Picha ya Mafuriko

Ndugu zangu mnaoanza kazi katika chumba cha habari hapa Dar es Salaam, masika yakishika kasi simu ya zamu hujaa picha zenye maelezo kama haya: "Jangwani sasa hivi, barabara imefungwa." Tuichukue moja: maji ya tope yamefunika barabara, basi la mwendokasi limekwama katikati, na nyuma yake nyumba zimepanda mteremko.

Ujumbe huo mfupi una madai matatu, na kila dai lina ushahidi wake.

Tuanze na mahali. Basi la mwendokasi halithibitishi Jangwani, kwa sababu njia hiyo hupita Jangwani katika Barabara ya Morogoro, lakini tawi lake la Morocco hupita Mkwajuni katika Barabara ya Kawawa, ambako nako ni bondeni na hujaa maji. Kuzeni picha mtafute jina la kituo, mnara, daraja au paa lenye umbo la pekee, kisha mlinganishe na Google Earth pamoja na OpenStreetMap, ambako mradi wa Ramani Huria ulichora majengo na mifereji ya kata nyingi za jiji hili. Ninachotaka ni vitu viwili au vitatu visivyohama, vilivyopangana vilevile kama anavyoviona mtu aliyesimama alipokuwa mpigapicha. Kibanda cha wakala wa pesa si alama, maana kipo kila mtaa.

Wakati ni mgumu zaidi. Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016, hivyo picha haiwezi kuwa ya mafuriko ya Desemba 2011, lakini inaweza kabisa kuwa ya Aprili 2018. Ikiwa ni Jangwani kweli, angalieni nyumba: nyingi zimebomolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, na picha za miaka iliyopita ndani ya Google Earth zitaonyesha kama nyumba zinazoonekana bado zipo. Itafuteni pia mtandaoni kwa Google Lens na TinEye, mkikumbuka kwamba kutoipata hakuifanyi kuwa mpya. Huenda imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tu, ambako vyombo hivyo havifiki.

Kisha mpigieni aliyeituma. "Samahani dada, picha hii umeipiga mwenyewe? Ulisimama upande wa Fire au wa Magomeni?" Aitume upya kama faili, si kama picha, kwa kuwa WhatsApp huondoa saa na mahali palipohifadhiwa ndani ya picha. Mimi huthamini zaidi video fupi anayogeuka kuonyesha upande wa pili, akiwa mahali pakavu. Asisogelee maji kwa ajili yetu. Akisema ametumiwa na mwenzake, ombeni namba ya huyo mwenzake.

Dai la barabara kufungwa haliwezi kuthibitishwa na picha hii, kwa hiyo waulizeni polisi wa usalama barabarani. Wasipopatikana, andikeni kwamba maji yamefunika barabara, mkitaja sehemu na saa mlizothibitisha, na neno "imefungwa" libaki nje.