Waraka wa ugonjwa: kurahisisha bila kubadilisha sheria

Kazini kwetu huwa napewa nyaraka za utawala nizirahisishie walinzi, wafanya usafi na wenzao ambao kusoma kwao ni kwa taabu. Ugumu hauko kwenye maneno mazito, bali kwenye vineno vidogo vinavyobeba sheria. Tazama sentensi hii:

“Mtumishi atakayekosa kuhudhuria kazini kwa sababu ya ugonjwa anatakiwa kuwasilisha cheti cha daktari ndani ya saa 48 tangu kuanza kutokuwepo kwake, isipokuwa pale mwajiri atakaporidhika kuwa kulikuwa na sababu ya msingi, kushindwa kufanya hivyo kunaweza kusababisha kukatwa mshahara na/au kuchukuliwa hatua za kinidhamu.”

Wengi wakirahisisha wataandika: “Ukiugua, leta cheti ndani ya siku mbili, la sivyo utakatwa mshahara.” Inasomeka vizuri, ila imeharibu mambo matatu. Kwanza, saa 48 si sawa na “siku mbili”. Aliyepaswa kuingia zamu Jumatatu saa 1 asubuhi, muda wake unakwisha Jumatano saa 1 asubuhi. Akisoma “siku mbili” anaweza kudhani ana Jumatano nzima. Pili, “kunaweza” imekuwa “utakatwa”: hiari ya mwajiri imegeuzwa adhabu ya lazima. Tatu, ile “isipokuwa” imetupwa, nayo ndiyo kinga ya mfanyakazi aliyelazwa hoi.

Mimi niliandika hivi:

“Ukikosa kazi kwa sababu unaumwa, lazima ulete cheti cha daktari. Kilete kabla saa 48 hazijaisha. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa pale ulipotakiwa kuwa kazini. Mfano: ulitakiwa kuingia Jumatatu saa 1 asubuhi. Mwisho ni Jumatano saa 1 asubuhi.

Kama una sababu ya msingi ya kuchelewa, mweleze mwajiri. Akiridhika, hutahesabiwa kosa.

Usipoleta cheti ndani ya saa hizo na mwajiri hajaridhika na sababu yako, anaweza kukukata mshahara, au kukuchukulia hatua za nidhamu, au vyote viwili.”

Imekuwa ndefu kuliko ya mwanzo, na iwe hivyo. Nimesema “cheti cha daktari”, kisha “cheti” basi. Ukianza kuchanganya na “karatasi ya hospitali”, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Waraka haukusema cheti apewe nani. Usijaze pengo hilo kwa kukisia. Mwulize aliyeutoa, na jibu lije kwa maandishi. Kisha mpe mwanasheria matini mbili sambamba, sentensi kwa sentensi, akague hasa “lazima”, “anaweza” na “isipokuwa”.

Kabla ya kubandika, wape wasomaji wachache. Usiwaulize “Mmeelewa?”, maana wote wataitikia ndiyo. Uliza: “Zamu yako ni Ijumaa saa 12 jioni, umeamka unaumwa. Cheti kifike lini?” Akijibu “Jumatatu”, rudi kwenye ule mfano, pengine uongeze wa zamu ya usiku. Jibu ni Jumapili saa 12 jioni, na hapo utalazimika kumwuliza mwajiri nani anapokea vyeti Jumapili.