Kazi ya pili kukatwa asilimia 30

"Kwa nini kibarua cha laki tatu kinakatwa 90,000?"

Mkuu, kiwango cha kutolipa kodi, 270,000 kwa mwezi, pamoja na viwango vya chini vinavyofuata, unavitumia mara moja tu: kwa mwajiri wako mkuu. Mwajiri wa pili hajui unapata nini kwingine, hivyo anakata asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza.

Tuseme kazi kuu ni 800,000 baada ya mchango wa pensheni: kodi ya mshahara, PAYE, ni 78,000. Ukijumlisha 90,000 inakuwa 168,000. Lakini kodi halali ya 1,100,000 ni 158,000, kwa hiyo umezidishiwa 10,000 kila mwezi. Omba vyeti vya makato kwa waajiri wote wawili, uwasilishe ritani ya kodi TRA kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata kuisha, udai 120,000 yako ya mwaka mzima.