Kuandika tangazo la nyumba kwa kutazama picha

Ninyi mnaoanza kuandika matangazo ya nyumba kutokana na picha mnazotumiwa na madalali, tazameni picha zote kabla ya kuandika neno lolote, kisha kila sentensi mtakayoandika iwe na picha yake.

Somo hili nililipata kwa nyumba moja ya Goba, Dar es Salaam. Nilitumiwa picha tisa, nne zikiwa za vyumba vya kulala, nami nikaandika "vyumba vinne". Mteja alipofika alikuta vitatu, kwa kuwa chumba kimoja kilikuwa kimepigwa kutoka pembe mbili. Niliporudia picha hizo niliona kwamba grili za dirisha zilikuwa na maua yaleyale, na soketi chini ya dirisha ilikuwa na ufa uleule. Tangu hapo sihesabu vyumba kwa idadi ya picha. Natafuta alama za namna hiyo, kisha namuuliza mwenye nyumba.

Vipimo hudanganya zaidi, hata ukidhani umevipata kwa hesabu. Sebuleni nilihesabu vigae saba kando ya ukuta, nikazidisha kwa sentimita 60, nikapata mita 4.2. Lakini vigae vya sentimita 40 navyo vipo madukani, na kwa hivyo ukuta huohuo ungekuwa na mita 2.8. Picha haikunionyesha ni vigae vya aina gani, na lenzi pana ya simu huifanya sebule ndogo ionekane ukumbi. Siku hizi naandika "sebule yenye sakafu ya vigae", nikimwomba mwenye nyumba apime kwa tepu.

Kwa nje, simtanki lililo juu ya mnara linathibitisha kwamba tangi lipo, wala si kwamba maji hayakatiki. Rangi mpya ukutani haisemi nyumba ina miaka mingapi. Na ukiona duara la kahawia kwenye dari ya jipsamu, usilifiche, lakini pia usiandike kwamba paa linavuja, kwa sababu huenda bati lilishazibwa na doa likabaki.

Tangazo lile ningeliandika leo hivi: "Nyumba ya kawaida inauzwa Goba. Ina paa la bati, madirisha ya alumini yenye grili, sebule yenye sakafu ya vigae, na simtanki juu ya mnara. Dari ya sebule ina doa pembeni. Kwa maelezo ya mwenye nyumba, ina vyumba vitatu vya kulala na hati miliki."

Maneno "kwa maelezo ya mwenye nyumba" msiyaondoe hata mkitumiwa picha ya hati yenyewe, kwa sababu picha hiyo haionyeshi kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Hilo mnunuzi hulijua kwa kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati.